Sura ya 6: Haya ya Pwani na Hofu ya Kukataliwa

Watu wawili wanaochumbiana wanaweza kupendana kwa kiasi kilekile na bado mmoja wao akaamini kwamba hapendwi. Hali hii hutokea zaidi pale mmoja anapokuwa amelelewa katika nyumba ya kukumbatiana na kusifiana mbele ya watu, na mwingine katika nyumba ambamo baba na mama hawakuonekana hata siku moja wameshikana mikono. Kila mmoja hupima mwenendo wa mwenzake kwa kipimo cha kwao. Wa kwanza hushangaa mbona mwenziwe anamkwepa, naye wa pili hushangaa mbona anasukumwa kufanya jambo la aibu hadharani.

Tofauti za namna hii ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1966 mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada, Sidney Jourard, alichapisha hesabu ya mara ambazo watu wawili waliokaa mkahawani waligusana kwa muda wa saa moja. Mjini San Juan, Puerto Rico, alihesabu mara 180, Paris mara 110, Gainesville huko Florida mara 2, na London hakuhesabu hata moja. Hesabu hiyo ilitokana na watu wachache, kwa hiyo haiwezi kuchukuliwa kuwa kipimo cha mataifa hayo. Hata hivyo inaonyesha kwamba mguso mmoja hauna uzito sawa kila mahali. Mwaka 2015 William Jankowiak na wenzake walipitia kumbukumbu za jamii 168 duniani, wakakuta kwamba busu la mdomoni la wapenzi lilikuwa desturi katika asilimia 46 tu ya jamii hizo. Jambo ambalo kijana wa mjini analiona kuwa alama ya kawaida kabisa ya mapenzi, zaidi ya nusu ya jamii hizo hazikuwa nalo.

Sura hii inaangalia pwani ya Afrika Mashariki, hasa visiwa vya Unguja na Pemba, na mtu wa huko anayechumbiana na mtu wa bara. Desturi zenyewe hazifanani kila nyumba. Kijana aliyekulia Mombasa mjini na mwenziwe wa kijijini Pemba wanaweza kutofautiana sana, na elimu, umri na ucha Mungu vina sehemu yake. Lakini mpangilio wa jumla unajulikana vya kutosha kumsaidia mgeni.

Mahali na macho ya watu

Katika nyumba nyingi za pwani, swali la kwanza kuhusu tendo lolote la mapenzi ni nani anaona. Mume na mke wanaotaniana usiku kucha chumbani watazungumza kwa adabu na kwa maneno machache barazani. Mwanamke wa makamo anaweza kumtaja mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, au kwa kusema tu “mwenyewe”, na wasikilizaji wakaelewa ni nani. Watoto wanaokulia humo hujua kwamba wazazi wao wanapendana, ila hawajawahi kuona wakibusiana. Ndiyo sababu wageni wanaotembelea Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu huombwa wavae kwa stara na wasibusiane njiani.

Kwa wasiooana sheria huwa kali zaidi. Mafundisho ya Kiislamu, ambayo ndiyo msingi wa malezi ya wengi katika visiwa hivi, yanakataza mwanamume na mwanamke wasio maharimu kukaa faragha wawili tu, na yanakataza kugusana kwa mapenzi kabla ya ndoa. Si kila kijana anayafuata yote, lakini hata asiyeyafuata anajua majirani wanayachukuliaje. Juu ya hapo kuna jina la mwanamke. Kijana akimtembeza msichana mtaani kabla ya posa, maneno yatakayosemwa yatamwangukia msichana kuliko yeye, na yanaweza kufika kwao kabla yake. Mwanamume aliyelelewa vyema hujiweka mbali na mwanamke anayemtaka hasa kwa kuwa anamtaka. Yule asiyekuwa na nia naye ndiye asiyejali watu watasema nini.

Mgeni anayejua jambo hili moja hataduwazwa na mengine mengi. Ataelewa kwa nini mwenziwe anatembea hatua mbili mbele wanapokaribia mtaa wa kwao, na kwa nini anamtambulisha kwa mjomba kuwa “mwenzangu wa kazini”. Ataelewa pia jambo ambalo huwachanganya wengi: ndoa inapokaribia, umbali huzidi. Katika familia zinazoshika desturi, bibi harusi huwekwa ndani siku kadhaa kabla ya nikaha, akasingwa na kufundwa, na mchumba wake haruhusiwi kumwona. Mtu wa bara akiona simu zimepungua wiki ya mwisho anaweza kudhani uchumba unavunjika, ilhali umefika ukingoni mwa ndoa.

Njia ambazo mapenzi hupita

Hisia iliyozuiwa mlango mmoja hutafuta mwingine, na mtu asiyeijua milango hiyo hukaa akingoja pale pasipopita mtu. Milango mitatu ya pwani inastahili kujulikana.

Wa kwanza ni kuhudumia. Kuulizwa “umekula?” kila mchana, kununuliwa tiketi ya boti kabla hujaomba, kupelekewa futari mwezi wa Ramadhani, kukutwa bandarini mvua ikinyesha: haya hufanywa bila kutajwa, na anayeyafanya hatarajii kusifiwa. Mtu aliyezoea kuambiwa “nakupenda” huyapokea kama ukarimu wa kawaida, akayapita. Kosa hapo ni kutoangalia kama mtu huyo anawafanyia wote hivyo. Ukarimu wa pwani kwa mgeni ni mkubwa, lakini una mwisho wake. Huduma inayorudi wiki baada ya wiki, na inayomgharimu mtendaji muda wake, imevuka mpaka wa ukarimu.

Wa pili ni zawadi yenye ujumbe. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, na kila kipande kina maandishi ambayo wauzaji na wavaaji huyaita jina la kanga. Anayenunua huchagua jina kwa makini, kwa kuwa doti ni njia halali ya kusema neno ambalo mdomo hauwezi kulitamka. Anayeletewa kanga akasifia rangi bila kusoma jina ameipokea nguo na kuiacha barua.

Wa tatu, na mzito kuliko yote, ni ndugu. Uchumba wa pwani ni shughuli ya familia. Kijana akiwa na nia humwambia mama, au shangazi, au khalati. Familia huulizia kimyakimya huyo ni nani, ametoka wapi, watu wake wakoje. Ikiridhika, mshenga hutumwa na barua ya posa, na upande wa pili hujipa muda kabla ya kujibu. Hatua hizi zote zinaweza kuanza bila mwenye kuchumbiwa kuambiwa. Shangazi anayemwuliza mgeni habari za wazazi wake, za kabila lao na za dini yao, huku akimwongezea pilau, huenda yuko kazini.

Kwa nini ukimya huuma

Kujua desturi hakutoshi kumtuliza mtu, kwa sababu maumivu hayatokani na kutojua peke yake. Mwaka 1996 Geraldine Downey na Scott Feldman walieleza hali ya kuwa mwepesi wa kuhisi kukataliwa. Mtu mwenye hali hiyo hutarajia kukataliwa kwa wasiwasi, huona haraka kwamba amekataliwa hata pale ambapo tendo halieleweki, kisha hujibu kwa ukali. Katika uchunguzi wao, watu wa aina hii walielekea kusoma nia mbaya katika tendo la mpenzi ambalo lingeweza kuelezwa kwa sababu nyingine.

Katika uchumba wa watu wa malezi mawili, matendo yasiyoeleweka yanatokea kila siku, kwa hiyo hata mtu asiye mwepesi hujikuta anapata vichocheo vingi. Kisha huja mzunguko. Anayehisi kukataliwa hudai uthibitisho hadharani: “Nishike mkono basi, au unanionea aibu?” Mwenye haya, akiwa mbele ya watu wa kwao, hurudi nyuma hatua nyingine. Hatua hiyo huhesabiwa kuwa jibu. Upande wa pili nao una usomaji wake mbovu: aliyelelewa kwa stara anaweza kumwona mwenziwe anayekumbatia rafiki zake wa kiume kuwa mwepesi, au asiyejiheshimu, akaanza kujitenga kwa sababu hiyo. Hapo umbali uliokuwa wa adabu unageuka kuwa umbali wa kweli, ingawa mwanzoni hakuna aliyemkataa mwingine.

Mfano wa kufuatilia

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya maelezo. Mwanamke wa miaka 29, mzaliwa wa Nairobi, anafanya kazi Dar es Salaam. Kwa miezi minne amekuwa akichumbiana na mhasibu wa miaka 32 kutoka Wete, Pemba. Siku ya mapumziko wanapanda boti kwenda Unguja, ambako kijana ana shangazi yake. Jioni wanakwenda Forodhani. Mwanamke anamshika mkono, naye anauchomoa taratibu. Wanakutana na mjomba wa kijana, mwanamke anatambulishwa kuwa mwenzake wa kazini. Nyumbani kwa shangazi, kijana anakaa barazani na wanaume na hamfikii mwanamke mpaka wakati wa kuondoka. Usiku anamtumia ujumbe mfupi: “Umefika salama? Lala salama.” Mwanamke anauangalia ujumbe huo na kuona kwamba mambo yamekwisha.

Matendo hayo manne yakikusanywa pamoja yanaonekana kuwa ushahidi mzito. Lakini yote yametokea mahali pa aina moja: mbele ya watu wa kwao kijana, au chini ya mapaa yao. Njia nzuri ya kuyasoma ni kuyatenganisha kwa mahali na kuuliza jambo moja tu: mwenendo unabadilika mahali panapobadilika?

Mahali pa kwanza ni mbele ya ndugu na majirani. Hapo kijana yuko mbali. Mahali pa pili ni mbele ya watu wasiomjua. Mwanamke akikumbuka mkahawa wao wa Kariakoo, anakumbuka kwamba kijana hukaa kando yake, humchagulia samaki, na wanapovuka barabara humshika kiwiko. Mahali pa tatu ni simu. Ujumbe wa kuandika ni mfupi siku zote, kwa mama yake pia. Lakini simu za usiku huchukua saa nzima, na ni humo alimomwelezea deni la marehemu baba yake, jambo ambalo hajawaambia wenzake kazini. Mahali pa nne ni matendo. Tiketi zilikwisha nunuliwa. Dada yake alitumwa amsindikize mgeni asipite gizani peke yake. Na shangazi, ambaye mgeni alidhani anamhoji kwa ubaya, alitaka kujua kama wazazi wake wangekubali kupokea wageni kutoka visiwani.

Kwa mpangilio huo picha inabadilika. Ubaridi umefungamana na mahali pamoja, ukaribu uko kwingine kote, na siri za moyoni zimekwisha tolewa. Kumpeleka mwanamke nyumbani kwa shangazi, hata kwa jina la mwenzake wa kazini, ni hatua ambayo kijana wa Wete haichukui kwa ajili ya mtu wa kupita. Shangazi haamini kwamba ni mwenzake wa kazini, na kijana anajua kwamba haamini. Maneno hayo yanampa kila mmoja nafasi ya kumwangalia mgeni bila kuanzisha posa kabla ya wakati wake.

Jambo jingine la kulinganisha ni namna kijana anavyowatendea wengine anaowapenda bila shaka. Mwanamke akitazama anavyomsalimu mama yake, atamwona akimwamkia shikamoo, akaubusu mkono wake na kukaa kando. Hamkumbatii, na hakuna anayedhani hampendi. Mtu huonyesha mapenzi kwa kiasi alichozoea, na kiasi hicho kinaonekana wazi kwa wale ambao upendo wake kwao hauna shaka.

Namna ya kuuliza

Usomaji wa aina hii hupunguza shaka bila kuimaliza, na mwisho lazima mtu aulize. Mambo mawili huamua kama swali litajibiwa. La kwanza ni wakati na mahali. Swali la moyoni linaloulizwa Forodhani, mbele ya wachoma mishikaki na wapita njia, litapata jibu la kujikinga. Likiulizwa siku mbili baadaye kwa simu, au wakiwa wamekaa pembeni mjini Dar, litapata jibu la kweli.

La pili ni umbo la swali. “Kwa nini hunipendi?” humtaka mtu ajitetee, na “kwenu mna matatizo gani?” humtaka awatetee wazazi wake. Swali linalofanya kazi hutaja tendo moja na kuomba kufundishwa desturi. Mwanamke wa mfano wetu anaweza kusema: “Juzi ulipouchomoa mkono nilisikia vibaya. Kwetu ningeona ni kama umenikana. Kwenu ina maana gani?” Kijana anaweza kumjibu: “Ungekuwa si kitu kwangu nisingeogopa. Mjomba akituona vile, kesho watakuwa wanakusema wewe.” Jibu hilo linampa mwanamke jambo ambalo hakuweza kulikisia mwenyewe, yaani kwamba aliyekuwa akilindwa ni yeye.

Baada ya hapo huja makubaliano madogo. Yanafaa yawe mahususi, kwa kuwa ahadi ya “nitajitahidi” haipimiki. Wanaweza kukubaliana kwamba Unguja na Pemba hawatagusana hadharani, lakini kila wakitoka kwa ndugu kijana atapiga simu usiku huohuo badala ya kuandika. Wanaweza kukubaliana kwamba mbele ya rafiki zao wa Dar atamtambulisha kuwa mchumba. Naye mwanamke anaweza kukubali kutomkumbatia mwanamume mwingine mbele ya watu wa kwao kijana, bila kujiona kwamba amekiri kosa. Kila upande umepewa kitu kinachoonekana, na hakuna aliyelazimishwa kuacha malezi yake kwa siku moja.

Inafaa pia kutofautisha haya na dini. Mwenye haya tu hulegea akiwa faragha. Mwenye kushika dini hatamgusa mwenziwe hata faragha, na anaweza kukataa kukaa faragha kabisa. Kwa huyo wa pili kipimo cha mahali hakisemi mengi, kwa kuwa mwenendo wake ni uleule kote. Kinachobaki kupimwa ni simu, matendo, na kasi ya kuwahusisha ndugu. Kasi hiyo kwa kawaida huwa kubwa, kwa sababu asiyetaka kugusa kabla ya nikaha ana sababu ya kutaka nikaha iwahi.

Pale ambapo umekataliwa kweli

Desturi inaweza kutumiwa kuwa kificho. “Kwetu hatufanyi hivyo” ni jibu la kweli kwa wengi, na ni jibu la uongo kwa mwenye mke nyumbani, kwa asiyetaka kufungwa, na kwa aliyekwisha kubadili moyo bila ujasiri wa kusema. Dalili zake zinatofautiana na za haya katika mambo matatu.

Kwanza, ubaridi wa kukataliwa haufuati mahali. Uko barazani, uko kwenye simu, uko katika mkahawa wa mji ambao hakuna anayewajua. Pili, unaelekezwa kwa mtu mmoja. Mwenye haya ni mtulivu kwa wapendwa wake wote, lakini anayekataa huwa mchangamfu kwa wengine, na katika kundi la marafiki hupeana mikono na kila mtu isipokuwa yule mmoja. Tatu, hauna mwendo. Haya hulegea polepole kadiri watu wanavyozoeana, na ndugu huongezeka: leo dada, mwezi ujao shangazi, baadaye mama. Kukataliwa hubaki palepale, au hurudi nyuma.

Dalili ya tatu ndiyo ya kuaminiwa zaidi kwa pwani, kwa sababu desturi yenyewe ina ngazi. Mwanamume anayesema kwamba anangoja mambo yafanyike kwa heshima ameelekeza kwenye utaratibu unaojulikana: kuwaambia wakubwa, kuulizia, kutuma mshenga. Utaratibu huo unaweza kwenda taratibu kwa sababu za haki, kama msiba, ada ya kusomesha mdogo wake, mahari ambayo haijatimia, au wazazi wanaosita kuhusu dini ya mgeni. Katika hali hizo mtu huweza kueleza sababu na kusema ngazi inayofuata ni ipi. Asiyeweza kuitaja hata ngazi moja, na ambaye ndugu zake hawamjui mchumba wake hata kwa jina la bandia, haongozwi na desturi ya kwao.

Hata pale nia ilipothibitika, mtu anaweza kuelewa haya za mwenziwe, akaziheshimu, na bado akaona kwamba hawezi kuishi bila kukumbatiwa mbele ya watoto wake siku zijazo. Hilo ni suala la kulinganisha mahitaji, na linapaswa kujadiliwa kabla ya barua ya posa kutoka. Baada ya familia mbili kukubaliana kwa mahari na tarehe, kuvunja uchumba huwagusa watu wengi kuliko wawili walioanza.